"Bado" ya Fundi kwenye Ripoti ya Meneja

Ijumaa saa kumi jioni, kundi la WhatsApp la mafundi wanaojenga madarasa mawili lina jumbe nne. Mwashi: "Plasta imeisha." Fundi umeme: "Bado. Waya hakuna, yule wa stoo kalala." Fundi bomba: "Tenki kesho." Seremala: "Milango 3 poa."

Msimamizi anatakiwa kuzigeuza ziwe ripoti ya meneja kabla ya saa kumi na moja. Akikimbilia kupamba lugha, atapamba asichokielewa. "Imeisha" ya mwashi inaweza kuwa kazi imekamilika, au saruji imekwisha. Ya kwanza haidai kitu, ya pili inadai pesa. "Bado" haisemi kama kazi haijaanza au imefika katikati. "Kesho" iliandikwa lini? Kama ni jana usiku, basi ndiyo leo. Na milango mitatu, kati ya mingapi?

Kwa hiyo anauliza kwanza, swali moja kwa kila fundi. Majibu yakija, anayapanga kwa mfuatano uleule: kazi, hali, maelezo, ombi. Kwenye hali anatumia maneno matatu tu: imekamilika, inaendelea, imekwama. "Imekwama" maana yake hakuna fundi anayeweza kusogea mpaka kitu fulani kipatikane.

Plasta: Imekwama. Umebaki ukuta mmoja wa darasa la pili, saruji imekwisha. Tunaomba mifuko 3 ifike Jumatatu asubuhi.

Umeme: Imekwama. Darasa la kwanza limekamilika. La pili linasubiri nyaya zilizoagizwa Jumanne. Tunaomba stoo itujulishe zitafika lini.

Maji: Inaendelea. Tenki linatarajiwa Jumamosi, tarehe 14. Hakuna ombi.

Milango: Inaendelea. Milango 3 kati ya 4 imepachikwa. Hakuna ombi.

Tazama kilichompata "yule wa stoo kalala". Tusi limeondoka, ucheleweshaji umebaki, tena sasa una siku yake: Jumanne. Meneja anaweza kuhesabu mwenyewe. Msimamizi mwoga angeandika "kuna changamoto ndogo upande wa vifaa", sentensi laini isiyomwambia meneja anunue nini wala ampigie nani. Adabu ni ya kumstahi mtu. Tatizo lenyewe halistahiwi. Tazama pia mlango: hakuandika "imefungwa", maana meneja angeweza kudhani imekomewa tu.

Kabla ya kuituma, msimamizi anairudisha ripoti kundini na kuwapa mafundi dakika kumi. Fundi bomba anajibu: "Tenki ndiyo, koki zake hazimo." Mstari wa maji unabaki "inaendelea", kwa kuwa bado ana mabomba ya kulaza, lakini "Hakuna ombi" inafutwa. Mahali pake panaandikwa: "Tunaomba koki 2 kabla ya Jumatatu."