Alama zikilingana, nafasi nazo zilingane: namna ya kupanga nafasi za wanafunzi darasani

Tibirinzi, Pemba

Skuli zinapofunga muhula, mzazi wa Tibirinzi, katika Wilaya ya Chake Chake, hupokea ripoti ya mwanawe na mara nyingi jicho lake hukimbilia mstari mmoja: nafasi ya mtoto darasani. Malalamiko huzuka pale watoto wa nyumba mbili jirani wanapokuwa na jumla moja ya alama, lakini mmoja ameandikiwa wa pili na mwengine wa nne.

Mara nyingi kosa hilo hutokana na mwalimu kupanga jumla kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuandika 1, 2, 3, 4 kwa kufuata mistari. Orodha ikiwa ilikwishapangwa kwa alifu, waliofungana hubaki katika mpangilio huo wa majina. Hivyo Asha humtangulia Zuhura kwa herufi ya jina lake, si kwa alama.

Kanuni inayoondoa tatizo hilo ni fupi: nafasi ya mwanafunzi ni idadi ya waliomzidi alama, ukiongeza moja.

Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 45 waliofanya mitihani ya masomo manane. Jumla za sita wa mwanzo ni 612, 598, 598, 598, 597 na 571. Mwenye 612 hakuzidiwa na yeyote, hivyo ni wa kwanza. Kila mwenye 598 amezidiwa na mmoja tu, kwa hiyo wote watatu ni wa pili. Mwenye 597 amezidiwa na wanne, naye ni wa tano. Nafasi ya tatu na ya nne hazina mtu, na hilo si kosa, kwa kuwa nafasi hizo zimekwishajazwa na waliofungana.

Baadhi ya walimu huona vibaya kuruka namba, wakamwandika mwenye 597 kuwa wa tatu. Ripoti hiyo humweleza mzazi kwamba mwanawe amezidiwa na wawili, hali ya kuwa amezidiwa na wanne. Athari yake huonekana zaidi mwisho wa orodha, ambapo mwanafunzi wa mwisho anaweza kuandikiwa wa 38 kati ya 45, na mzazi akaamini kwamba wako saba chini yake.

Kufungana kusiko kwa kweli

Nafasi ipangwe kwa jumla, si kwa wastani uliokadiriwa. Katika mfano huu, 598 ukigawa kwa 8 unapata 74.75, na 597 unapata 74.625. Ripoti ikiandika wastani bila ya desimali, wote wanakuwa na 75, na mwenye 597 anapandishwa hadi nafasi ya pili asiyoistahiki.

Kwa wanaotumia kompyuta

Iwapo jumla zimo katika safu ya H, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 46, fomula ya Excel ni hii:

```
=RANK.EQ(H2,$H$2:$H$46,0)
```

Alama za dola huzuia eneo la hesabu lisihame fomula inaponakiliwa kwenda chini. Zikisahauliwa, kila mwanafunzi hulinganishwa na walio chini yake tu, na katika orodha iliyokwishapangwa kuanzia jumla kubwa, darasa zima huwa la kwanza.

Kabla ya ripoti kutolewa, mwalimu achukue nafasi ya chini kabisa, ajumlishe idadi ya walioishika, kisha atoe moja. Jawabu iwe sawa na idadi ya wanafunzi. Wawili wakifungana mwisho katika darasa la 45, wote huwa wa 44, na 44 kujumlisha 2 kutoa 1 ni 45. Jawabu ikiwa pungufu, huenda namba zilifuatanishwa bila ya kuruka.

Zawadi

Skuli iliyoahidi zawadi kwa nafasi tatu za mwanzo itajikuta, katika mfano huu, na wanafunzi wanne wa kuwazawadia. Kama zawadi ni tatu tu, inaruhusika kuwatenganisha waliofungana kwa alama za somo moja, mfano Hisabati, kwa sharti kwamba somo hilo limetangazwa kabla ya mitihani. Likichaguliwa baada ya matokeo kujuulikana, anayelichagua huwa amekwishajua nani atashinda. Hata hivyo, utenganisho huo ni wa zawadi tu, na ripoti iendelee kuwaandika wote kuwa wa pili.

Katika ngazi ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza skuli na watahiniwa kumi bora lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, mwezi wa Januari 2023. Hata hivyo, pale ambapo ripoti ya darasa bado ina mstari wa nafasi, mzazi anaweza kuihakiki mwenyewe kwa kumuuliza mwalimu swali moja: ni wangapi waliomzidi mwanangu?