Mstari Mtupu Katikati ya Orodha
Mweka hazina wa kikundi ana orodha ndefu ya michango kwenye Excel. Ili isomeke vizuri, ameacha mstari wa 31 mtupu. Akibofya seli moja ya juu na kupanga kwa alfabeti, majina ya juu yanapangika, ya chini hayasogei. Excel huchukulia kuwa jedwali limeishia hapo, na wala haitoi onyo.

Bonyeza Ctrl+A ukiwa ndani ya jedwali. Kivuli kikikomea mstari wa 30, mchawi umempata. Futa mstari huo, au chagua eneo lote mwenyewe kabla ya kupanga.

Seli zilizounganishwa zina vituko vyake: ukichuja, kwa kawaida hubaki mstari wa kwanza tu, maana jina limehifadhiwa kwenye seli ya juu pekee.