Santuri ya Siti Katika Tanbihi

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja wakavuka bahari hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zilizotolewa kwenye santuri za HMV. Anayeandika tasnifu kuhusu taarab leo ni nadra kuishika santuri yenyewe. Wimbo huusikia kwenye simu, umepandishwa mtandaoni na mtu asiyemjua, au kwenye diski ya mkusanyo iliyotolewa miongo mingi baadaye. Hapo ndipo marejeo yanapoharibika. Mwandishi anaandika jina la Siti, kisha anaweka mwaka wa kupandishwa kwa wimbo, na msomaji anamkuta mwimbaji aliyefariki mwaka 1950 akirekodi katika karne hii.

Rekodi moja ina tarehe mbili, na zote mbili zinahitajika. Ya kwanza ni ya siku sauti iliponaswa. Ndiyo inayobeba hoja ya kihistoria. Ya pili ni ya toleo ulilolisikiliza, nayo humwezesha msomaji kulipata lile lile. Mtindo wa APA huziandika pamoja ndani ya matini, ya zamani ikitangulia: kwa mkusanyo wa mwaka 2007, 1928/2007. Wanaofuata Chicago hutaja katika tanbihi mahali na mwaka wa kurekodi, kisha kampuni, nambari ya toleo na aina ya chombo.

Nambari hiyo isidharauliwe. Santuri za zamani zina nambari ya katalogi kwenye lebo, na mara nyingi nyingine imechongwa karibu na lebo, pale mifereji inapoishia. Ya lebo ni ya biashara. Iliyochongwa hutambulisha upande ule mmoja, yaani sauti iliyonaswa safari ile. Upande wa santuri ya kawaida huchukua kama dakika tatu tu, kwa hiyo wimbo mrefu hugawanywa pande mbili. Anayetaja nusu ya pili bila kusema ni upande gani anampotezea mwenzake muda.

Jina gani litangulie? Naona hoja ndiyo iamue. Ukichambua sauti na mtindo wa uimbaji, anza na Siti. Ukichambua mashairi, mtaje mtunzi kwanza ikiwa anajulikana, kisha mwimbaji. Aliyepandisha wimbo mtandaoni si mtunzi wala mwimbaji. Nafasi yake ni mwishoni, pamoja na anwani. Na ukitaka kupima kimo cha sauti, eleza pia umetumia nakala ipi, kwa kuwa santuri ikinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi sauti hupanda au hushuka, na hoja yako huanguka nayo.

Tuseme sura ya pili ya tasnifu inatumia kipindi cha redio kinachomhusu Siti. Kutaja jina la stesheni pekee hakutoshi. Taja kipindi, mtangazaji, stesheni, mji na tarehe ya kurushwa, na saa pia kama kipindi hurushwa zaidi ya mara moja kwa siku. Vipindi vya kumbukumbu hurudiwa, pengine baada ya miaka. Ukisikiliza marudio, tarehe uliyonayo ni ya marudio, nawe useme hivyo. Ukisikiliza utepe katika maktaba ya redio, andika nambari iliyo kwenye kasha, hata kama ni ya kalamu tu. Kasha lisipokuwa na tarehe, andika “bila tarehe”. Usikisie mwaka kutokana na jina la bendi iliyopigwa mle.

Penye utajiri zaidi ni katika masimulizi ya wazee. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja, alizisoma nyimbo za Siti pamoja na kumbukumbu za wazee waliozijua enzi zake, maana mambo yaliyofumbwa ndani ya wimbo hufumbuliwa na aliyekuwapo. Mahojiano ya namna hiyo yakihifadhiwa, mwenye maneno ni mhojiwa. Huyo ndiye anayeanza katika marejeo. Mhoji hufuata, kisha mahali, tarehe, hifadhi na nambari ya faili. Ukinukuu, weka dakika na sekunde, tuseme 14:20, kwa sababu sauti haina kurasa.

Taja pia kama ulisikiliza sauti au ulisoma unukuzi wake. Mnukuzi huacha kicheko, kimya na beti anazoghani mzee katikati ya maelezo, na pengine husanifisha Kiunguja chake. Panapokuwa na tofauti, sikiliza tena sauti yenyewe na uitaje hiyo.

Kabla ya kuandika jina la mhojiwa, soma masharti aliyowekeana na hifadhi. Wengine walikubali sauti isikilizwe lakini jina lisichapishwe. Hapo nambari ya faili, tarehe na dakika humfikisha mtafiti mwingine kwenye sauti ile ile, na jina hubaki limefichwa kama mwenyewe alivyotaka.