Nyongeza ya mshahara haiwezi kukupunguzia mshahara

Katika ofisi nyingi za Tanzania kuna mtu anayeiogopa milioni. Mshahara wake unaotozwa kodi, yaani uliobaki baada ya kutoa mchango wa NSSF, ni shilingi 980,000. Akiambiwa utapanda hadi 1,020,000 anapiga hesabu kichwani: "Sasa nakatwa asilimia 25, nabaki na 735,000. Nikivuka milioni nitakatwa asilimia 30, nitabaki na 714,000. Ya nini sasa?"

Hesabu yake ya kuzidisha haina kosa. Kilichokosewa ni kuitoza asilimia hiyo kwenye mshahara mzima, jambo ambalo PAYE haifanyi.

Kodi ya mshahara Tanzania Bara huhesabiwa kwa mafungu. Shilingi 270,000 za mwanzo kila mwezi hazitozwi kitu, hata kwa mkurugenzi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha 20 hadi 760,000, kisha 25 hadi milioni moja. Asilimia 30 huanza kwenye shilingi inayofuata milioni, na hairudi nyuma kuzigusa zilizotangulia.

Nadhani jedwali la TRA lenyewe huchangia hofu. Kwa anayezidi milioni limeandika 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi, na mtu huiona ile 128,000 kama faini ya kuvuka mstari. Kumbe ni jumla ya kodi ya mafungu ya chini: 20,000 ya fungu la asilimia 8, 48,000 ya fungu la asilimia 20, na 60,000 ya fungu la asilimia 25. Mwenye milioni kamili naye hulipa 128,000 hiyo hiyo.

Turudi kwa mwenzetu. Kwenye 980,000 kodi yake ni 123,000, kwa hiyo anabaki na 857,000. Kwenye 1,020,000 kodi ni 128,000 pamoja na 6,000, ambayo ni asilimia 30 ya zile 20,000 zilizovuka, jumla 134,000. Anabaki na 886,000. Katika nyongeza ya 40,000, kodi imechukua 11,000 na yeye kapata 29,000. Kwa kuwa fungu la juu kabisa huchukua senti 30 tu katika kila shilingi, hakuna nyongeza ambayo kodi hii itaimeza yote.

Makato yanayoweza kweli kumpunguzia mtu ni yale ya kiasi maalumu kinachoruka kwa ngazi. Kenya ilikuwa nayo kwenye bima ya afya ya NHIF: mwenye mshahara wa shilingi 19,999 za Kenya alichangia 600, na mwenye 20,000 alichangia 750. Shilingi moja ya ziada ilimgharimu 150. Mpango ulioichukua nafasi yake mwaka 2024, SHIF, hutoza asilimia 2.75, na mruko huo ukatoweka.