Mradi Ukichelewa: Namna ya Kumwarifu Mfadhili

Wananchi wengi huendesha miradi midogo kwa fedha za wafadhili. Mradi unapochelewa, kosa tunaloliona mara kwa mara ni ukimya: kamati husubiri hadi tarehe ya mwisho ipite, ilhali matumizi yanayofanywa baada ya mkataba kwisha yanaweza kukataliwa. Kwa hiyo taarifa iandikwe mara ucheleweshaji unapojulikana.

Tuchukue mfano wa kamati ya maji ya kijiji inayojenga tangi la zege. Kazi ilipaswa kukamilika tarehe 31 Mei, na mkataba unakwisha tarehe 30 Juni. Mvua za masika zikaharibu barabara, malori ya kokoto yakashindwa kupita, na kazi ikasimama tangu tarehe 20 Aprili hadi 24 Mei, yaani siku 35.

Kwanza, chanzo. Kuandika “kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu” hakumwelezi mfadhili lolote. Kamati itaje kilichokwama, tarehe na sababu, kisha iambatishe picha za barabara na barua ya serikali ya kijiji. Iwapo yenyewe ilichelewa kuagiza kokoto kabla ya mvua, ikiri hivyo. Mkaguzi ataona tarehe kwenye hati za ununuzi.

Pili, athari. Mlinzi anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku amegharimu shilingi 350,000 zaidi. Kamati ieleze kwamba fedha hizo zitatoka katika michango ya wanakijiji, ili ifahamike kuwa inaomba muda tu. Aidha, itaje kwamba kaya zitaendelea kuchota maji mtoni kwa kipindi hicho.

Tatu, ratiba mpya. Tarehe hutokana na kazi zilizobaki. Kumwaga zege ni siku 7, kuanzia tarehe 25 Mei. Kulimwagilia maji na kulisubiri likomae ni siku 28. Muda huu haupunguzwi kwa kuongeza vibarua, bali mafundi wanaweza kuutumia kulaza mabomba. Kujaza tangi na kukagua uvujaji ni siku 7. Jumla ni siku 42, hivyo kazi itakwisha tarehe 5 Julai. Kamati ikiongeza wiki moja ya akiba, itaomba mkataba usogezwe hadi tarehe 12 Julai.

Mradi huu, basi, unavuka mwisho wa mkataba kwa siku chache tu, lakini siku hizo zaweza kuwanyima mafundi malipo ya mwisho. Barua imalizie kwa ombi bayana la kusogeza tarehe bila nyongeza ya fedha, na kamati ihakikishe imepata kibali cha maandishi kabla ya tarehe 30 Juni. Ahadi ya simu pekee haitoshi.