Kaya Moja, Laini Nne: Barua ya Kuomba Akaunti Irejeshwe

Mwaka 2023 Netflix ilieneza katika nchi nyingi utaratibu wa kuwadai malipo ya ziada wenye akaunti zinazotazamwa na watu wasioishi nao. Vifurushi vya familia vya Spotify na YouTube navyo vina sharti kwamba wanaovitumia wakae nyumba moja na mwenye akaunti, na YouTube inasema hulikagua sharti hilo kielektroniki kila baada ya siku 30. Tangu hapo imezuka aina mpya ya barua kwa huduma kwa wateja: ya mtu aliyesimamishiwa akaunti kwa kushukiwa kuigawa nje ya kaya yake, naye anaapa kwamba hajaigawa. Nyingi kati ya barua hizo zina kasoro moja. Mwandishi hueleza uaminifu wake, miaka aliyolipa bila kukosa, na uchungu wa watoto kukosa katuni, lakini hagusi kile kilichomponza. Mtambo uliomfungia haukupima uaminifu wake. Ulipima njia ambazo vifaa vyake hupitia kufika kwenye intaneti, na barua inayostahili kujibiwa ni ile inayoonyesha kwa nini kipimo hicho kilikosea.

Kwa Netflix, kaya ni vifaa vilivyounganishwa na intaneti ya mahali ambapo mteja hutazamia zaidi, na kampuni inasema huitambua kwa anwani ya IP, utambulisho wa kifaa na mwenendo wa matumizi ya akaunti. Kipimo hiki kinafaa pale ambapo nyumba ina ruta moja, kwa sababu runinga, simu na kompyuta zote hutoka nje kwa anwani moja. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki haziko hivyo. Kila mtu ana laini yake na bando lake, pengine la kampuni tofauti, na runinga huunganishwa kwa hotspoti ya simu yoyote iliyobaki na data. Isitoshe, kampuni za simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na anwani hiyo inaweza kubadilika mteja anapokatika na kuunganishwa tena. Hifadhidata za kukisia mahali nazo mara nyingi huiweka anwani hiyo ulipo mtambo wa kampuni, si alipo mteja, hivyo simu iliyoko Mombasa huweza kuonekana iko Nairobi. Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Tazama kwenye mipangilio anwani ambayo simu imepewa na mtandao, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kutambua IP. Ikiwa ya kwanza inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, na ya pili ni tofauti kabisa, basi uko nyuma ya anwani ya pamoja.

Tuchukue kaya ya mfano huko Kisauni, Mombasa: mama mwenye akaunti, mume wake dereva wa lori, na watoto wawili wakubwa. Laini ni nne za kampuni mbili, waya wa intaneti haupo, na runinga hutumia simu ya mama au ya binti. Kwa macho ya mtambo, runinga ileile inahama mtandao mara mbili kwa jioni moja, huku simu ya baba ikijitokeza leo kwa laini ya Kenya na kesho kwa laini ya Uganda aliyoinunua akiwa Kampala. Hapana ajabu mtambo ukadhani hizo ni nyumba tatu. Kabla ya kuandika, mama huyu afungue orodha ya vifaa kwenye akaunti yake na akikague kila kimoja, tarehe yake na mahali palipotajwa. Hatua hii hurukwa mno, nayo ndiyo huamua barua iweje. Akikuta runinga asiyoijua, huenda shutuma ni ya kweli bila yeye kujua: nywila imevuja. Hapo aitoe akaunti kwenye vifaa vyote, abadili nywila, na barua iseme hivyo waziwazi. Ikiwa vifaa vyote ni vya nyumbani, anaweza kuandika hivi:

"Naomba akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe hii irejeshwe, na uamuzi wa tarehe 12 Mei upitiwe na mtu. Tunaishi wanne katika nyumba moja Kisauni, Mombasa. Hatuna ruta, kila simu hutumia data ya laini yake, nazo ni za kampuni mbili. Runinga yetu ni moja, na huunganishwa kwa simu yangu au ya binti yangu, ndiyo maana anwani yake ya IP hubadilika. Kifaa kilichoonekana Kampala tarehe 3 hadi 7 Mei ni simu ya mume wangu, ambaye ni dereva na alikuwa safarini. Nimekagua orodha ya vifaa: vyote vitano ni vyetu. Kama bado kuna kifaa kinachotiliwa shaka, naomba nitajiwe ni kipi na cha tarehe gani."

Ombi liko kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu mhudumu anayesoma barua nyingi kwa siku huenda asifike ya tano. Safari ya Kampala imetajwa kabla ya kuulizwa. Ikifichwa, ndiyo itakayotumiwa kuiangusha barua nzima. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi, maana inamtaka mhudumu ataje kifaa, na jibu la jumla halitatosha.

Kuna watakaosema kwamba mhudumu hana habari na anwani za IP, naye hufuata majibu aliyoandikiwa. Mara nyingi ni kweli. Lakini uamuzi wa kurejesha akaunti huenda usiwe wake. Kazi yake ikiwa ni kuipeleka barua kwa wanaokagua, maelezo ya vifaa na tarehe ndiyo yanayompa sababu ya kuipeleka. Pingamizi zito zaidi ni la faragha: kwa nini niieleze kampuni ya filamu habari za nyumba yangu? Mfano hapo juu hautaji majina ya watoto wala namba za simu, na hauhitaji kuvitaja. Nakala ya kitambulisho isitumwe bila kuombwa kupitia njia rasmi ya kampuni, na nywila au PIN ya M-Pesa isitumwe hata ikiombwa.

Iko hali ambayo barua ya namna hii haifai. Mwana aliyepanga chumba Eldoret kwa masomo, au mke anayefanya kazi Muscat kwa mkataba wa miaka miwili, ni wa familia, lakini kwa masharti ya huduma hizi haishi kwenye kaya hiyo. Sharti hilo naliona halijui familia zetu zinavyoishi, ila mteja alilikubali alipojiunga. Kumwandika kama mkazi ni uongo utakaofichuliwa na tarehe zilezile. Heri kuomba nafasi ya mwanachama wa ziada pale inapotolewa, au kuhamishia wasifu wake kwenye akaunti yake mwenyewe, jambo ambalo Netflix imeliruhusu tangu 2022.

Barua ikijibiwa kwa "uamuzi haubadiliki", mteja wa Kenya anaweza kutaja kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachompa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mitambo pekee uangaliwe upya, iwapo unamwathiri kisheria au kwa kiasi kikubwa. Kampuni inaweza kubisha kwamba kukosa filamu si athari kubwa, na hoja hiyo ina nguvu kiasi. Kwa hiyo barua ya pili iongeze dai dogo ambalo ni vigumu zaidi kulikataa: fedha za siku zilizolipiwa akaunti ikiwa imefungwa zirudishwe, au tarehe ya malipo yajayo isogezwe mbele kwa idadi hiyo ya siku.