Jedwali la Uchakavu Linaloonekana Sahihi

Jedwali la uchakavu la mwanafunzi laweza kujumlishwa vizuri, likaishia kwenye thamani baki iliyotajwa katika swali, na bado likawa na makosa tangu mstari wa kwanza. Jumla hupima hesabu iliyofanywa juu ya namba; haipimi namba zilitoka wapi. Ndiyo maana anayekagua zoezi la aina hii hurudi kwanza kwenye swali lenyewe, atafute mambo mawili: gharama kamili ya mali na tarehe ilipokuwa tayari kutumika.

Chukua zoezi la mwenye kinu aliyenunua mashine ya kusaga nafaka kwa shilingi 4,800,000 mwezi Machi 2022. Alilipa shilingi 300,000 za kuisafirisha na kuifunga, na mashine ikawa tayari kwa kazi tarehe 1 Aprili. Inatarajiwa kutumika miaka mitano, kisha iuzwe kwa shilingi 600,000. Uchakavu ni wa kiasi sawa kila mwaka, huhesabiwa kwa miezi, na mwaka wa hesabu hufungwa tarehe 31 Desemba.

Mwanafunzi ametoa 600,000 kwenye 4,800,000, akagawanya kwa tano na kupata 840,000 kwa mwaka. Mara tano ya hiyo ni 4,200,000, na kinachobaki ni 600,000 kamili. Jedwali limefunga. Lakini zile 300,000 ameziandika kama matumizi ya mwaka, ilhali kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, hujumuisha katika gharama ya mali malipo yote ya lazima ya kuifikisha mahali pake na kuiweka tayari. Mashine isiyofungwa haisagi. Gharama yake basi ni 5,100,000, kiasi cha kuchakaza ni 4,500,000, na uchakavu ni 900,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa mwezi.

Kosa la pili ni la tarehe. Kuanzia Aprili hadi Desemba ni miezi tisa, hivyo uchakavu wa 2022 ni 675,000. Miaka minne inayofuata hubeba 900,000 kila mmoja, na 225,000 za miezi mitatu iliyobaki huangukia 2027. Jedwali sahihi la miaka mitano lina mistari sita, na ukiona mitano tu kwa mali iliyoanza kazi katikati ya mwaka, una sababu ya kutilia shaka. Si kosa kila mara: baadhi ya maswali huagiza uchakavu wa mwaka mzima katika mwaka wa ununuzi, na hapo agizo la swali ndilo hufuatwa.

Katika jarida, ingizo la marekebisho la 2022 ni debiti gharama ya uchakavu 675,000 na krediti limbikizo la uchakavu 675,000. Akaunti ya mashine haiguswi. Hubaki na 5,100,000. Fedha taslimu pia haiguswi, kwa kuwa hakuna anayelipwa uchakavu.

Kwa kuwa mwanafunzi ameshaandika 840,000, si lazima afute. Anadebiti limbikizo 165,000 na kukrediti gharama ya uchakavu kiasi hicho hicho. Kisha anadebiti mashine 300,000 na kukrediti gharama ya usafirishaji na ufungaji. Faida ya mwaka inapanda kwa 465,000. Hapa pana kipimo kizuri kuliko vyote katika zoezi hili: thamani ya mashine vitabuni ilikuwa 3,960,000, na sasa ni 4,425,000. Tofauti nayo ni 465,000. Pande hizi mbili zisipolingana, kuna ingizo moja lililokosewa au kusahaulika. Urari usingemwonyesha lolote kati ya haya, maana debiti na krediti zilikuwa sawa hata alipokosea.

Mwaka wa pili una mtego wake. Urari wa 2023, kabla ya marekebisho, tayari unaonyesha limbikizo la 675,000. Mwanafunzi huona jedwali lake likisema limbikizo mwishoni mwa 2023 ni 1,575,000, akaliandika lote kama gharama ya mwaka. Dalili yake huonekana upesi: limbikizo kwenye mizania linakuwa 2,250,000, zaidi ya jedwali kwa 675,000 zile zile za mwaka uliopita. Ingizo la 2023 ni 900,000 tu. Safu ya uchakavu wa mwaka ndiyo hulisha jarida na hesabu ya faida na hasara. Safu ya limbikizo hulinganishwa na salio la leja baada ya ingizo kuhamishwa.